Picha Imepotea, Soma Kilichoandikwa

Mafundi wa simu hapa Kigali, kuanzia Nyabugogo mpaka Remera, wanaijua vizuri simu hii. Mteja anapiga, sauti ina haraka, anasema: "Fundi, ile picha ya ukurasa wa mipangilio uliyoniambia niitunze imepotea." Fundi anajibu, "Basi piga nyingine unitumie kwa WhatsApp." Halafu wote wawili wananyamaza, kwa sababu simu yenyewe ndiyo iliyokatika intaneti. Haiwezi kutuma picha wala kupokea. Kilichobaki ni sauti, na jioni hii nitazungumzia sauti hiyo: mteja aseme nini, kwa mpangilio gani, ili fundi aliye upande wa pili wa mji aweze kumwongoza hatua kwa hatua bila kuiona skrini.

Kwanza tuimalize habari ya picha, maana watu huitafuta kwa muda mrefu mahali ambapo haipo. Picha ya skrini kwenye simu za Android huwekwa katika folda yake, iliyoandikwa Screenshots. Watu wengi wanaamini kwamba Google Photos inahifadhi kila picha iliyomo kwenye simu. Kwa kawaida inahifadhi picha za kamera, na folda ya Screenshots haiguswi mpaka mwenye simu aiwashe mwenyewe. Kwa hiyo simu ikifutwa yote, picha za harusi zinarudi na ile ya mipangilio hairudi. Kama uliifuta tu kwa mkono, angalia kwenye pipa la taka la Google Photos: picha iliyokuwa imehifadhiwa mtandaoni hukaa humo siku 60, na ile ambayo haikuhifadhiwa hukaa siku 30. Baada ya hapo usiisumbukie tena.

Na hata ungeipata, ingekusaidia nusu tu. Picha ya mipangilio inaonyesha ukurasa wa mwisho, ule wenye visanduku vya kujaza. Haionyeshi uliufikiaje. Haionyeshi pia visanduku vilivyo chini ya skrini, ambavyo havionekani mpaka utelezeshe kidole. Mafundi wengi niliowasikia wanafanya kazi hii wanapendelea mteja anayesoma vizuri kuliko mteja mwenye picha iliyokatwa katikati, nami nakubaliana nao.

Sasa tuchukue tatizo lenyewe. Tuseme kuna mama mmoja anauza vitenge soko la Kimironko. Ndugu yake amemletea Samsung kutoka Dubai. Ameweka laini mbili, MTN na Airtel, kama wafanyavyo wakazi wengi wa mji huu. Anapiga na kupokea simu bila shida. Bando amenunua, ujumbe wa kuthibitisha umefika. Lakini intaneti haifunguki kabisa.

Kinachokosekana hapo mara nyingi ni APN. Hili ni jina ambalo simu hulitaja kwa mtandao inapoomba kuunganishwa na intaneti. Kwa kawaida hatulijui kwa sababu simu hujijazia yenyewe. Ukiingiza laini, simu husoma namba mbili zilizomo ndani yake: namba ya nchi, ambayo kwa Rwanda ni 635, na namba ya kampuni, ambayo kwa MTN ni 10. Kisha huangalia kwenye orodha iliyokuja nayo kutoka kiwandani, ikapata jina linalohusika. Orodha ikiwa haina kampuni hiyo, au mwenye simu wa kwanza akiwa aliichezea, jina halipatikani au linakuwa si lake. Simu za sauti zinaendelea kama kawaida kwa kuwa hazitumii APN hii ya intaneti, na ndiyo maana mama yetu anaona mistari yote ya mtandao imejaa na bado hapati kitu.

Kabla hajapiga simu kwa fundi, kuna jambo moja la maana sana. Apige kwa simu nyingine, ya jirani wa meza ya pili sokoni. Akipiga kwa ile ile yenye tatizo, skrini itazimika kila anapoiweka sikioni. Hata akiweka spika, simu nyingi zikiwa kwenye maongezi hushuka kutoka 4G hadi mtandao wa zamani zaidi, na kwenye simu ya laini mbili maongezi ya laini moja huweza kuisimamisha intaneti ya laini ya pili. Hapo fundi na mteja watabadilisha mipangilio iliyo sahihi wakidhani imekosewa, na kumbe ni simu yenyewe iliyokuwa inaongea.

Haya, maongezi yameanza. Fundi mzuri haanzi kwa kusema "ingia kwenye mipangilio ya mtandao", kwa sababu hakuna ukurasa ulioandikwa hivyo. Anauliza: "Mama, juu kabisa ya skrini pameandikwa nini?" Mama anasoma: "Settings." Fundi anasema: "Shuka taratibu, unisomee mistari minne ya kwanza, na yale maandishi madogo yaliyo chini ya kila mstari." Mama anasoma, na mmoja wa mistari hiyo ni Connections, chini yake kuna maneno madogo yanayoanza na Wi-Fi. Hapo fundi ameshajua mambo mawili bila kuuliza: kwamba simu ni Samsung, na kwamba iko kwa Kiingereza. Ingekuwa simu ya Android isiyobadilishwa sana na kampuni iliyoitengeneza, mstari huo ungesomeka Network & internet, na njia nzima ingekuwa nyingine.

Njia ya Samsung ni Settings, kisha Connections, kisha Mobile networks, kisha Access Point Names. Njia ya ile nyingine, kwenye matoleo ya karibuni, ni Settings, kisha Network & internet, kisha SIMs, kisha jina la kampuni ya laini, halafu utelezeshe chini hadi Access Point Names. Kwenye matoleo ya zamani mahali pa SIMs palikuwa na Mobile network, na APN ilifichwa nyuma ya neno Advanced. Mteja asiyesoma kichwa cha ukurasa anaweza kupelekwa na fundi kwenye njia ya simu ambayo hana.

Hapa niseme kidogo kuhusu lugha, maana kwa mji wetu ni tatizo la kila siku. Mwaka 2008 serikali iliamua kufundisha kwa Kiingereza shuleni mahali pa Kifaransa. Kwa hiyo nyumba moja ya Kigali inaweza kuwa na mama aliyesoma kwa Kifaransa na mtoto aliyesoma kwa Kiingereza, na mara nyingi mtoto ndiye anayeipanga simu ya mama. Fundi naye ana simu yake mwenyewe mkononi anayoitazama ili akuongoze, na hiyo ikiwa kwa Kifaransa yeye anaona Paramètres, Connexions, Réseaux mobiles, Noms des points d'accès. Akikwambia "tafuta Noms des points d'accès", wewe hutaipata hata ukeshe. Na kuna simu zilizowekwa Kiswahili, ambacho kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, ambazo mlango wa kwanza unaitwa Mipangilio.

Ndiyo maana nasema usitafsiri. Mama akisoma Mobile networks, akaona amsaidie fundi kwa kusema "mitandao ya simu", fundi hatajua kama ni Mobile networks, au Mobile data, au hata Mobile Hotspot and Tethering, ambayo pia inakaa ndani ya Connections na haina uhusiano wowote na tatizo hili. Kama Kiingereza kinampa shida kutamka, ataje herufi: M, O, B, I, L, E. Fundi mwenye subira atangoja. Na kama fundi anasikia herufi vibaya, kuna kitu kimoja kinachofanana karibu katika lugha zote hizi: herufi tatu A, P, N. Juu ya ukurasa wa Settings kuna alama ya kioo cha kutafutia. Kuigusa na kuandika APN mara nyingi huleta ukurasa wenyewe bila kupita njia ndefu.

Turudi Kimironko. Mama amefika Access Point Names. Fundi anauliza, "Juu unaona majina ya laini mbili?" Anaona: moja MTN, nyingine Airtel, na mstari umewekwa chini ya Airtel. Bando amenunua la MTN. Hili huwachanganya wengi, kwa sababu ukurasa unaonekana sahihi kabisa, ila ni wa laini nyingine. Anagusa jina la MTN. Orodha iliyo chini ni tupu.

"Kulia juu pameandikwa nini?" "Add." "Gusa. Sasa kichwa kinasema nini?" "Edit access point." Chini yake kuna mistari mingi: Name, APN, Proxy, Port, Username, Password na mingine, na chini ya kila mstari kuna maneno Not set. Fundi anamwambia mapema kwamba Not set ni taarifa ya simu kwamba hapo ni patupu. Nalisema hili kwa sababu wapo watu wanaoliandika Not set kwa mkono kwenye sanduku la Proxy, wakifuata walichokiona kwenye picha ya mtu mwingine. Simu inalichukua kuwa ni jina la mashine halisi, inaitafuta, haiipati, na kurasa hazifunguki.

Kwenye Name mama anaandika chochote, fundi amemchagulia MTN. Kwenye APN anatakiwa kuandika hivi:

```
internet.mtn
```

Fundi analitamka kwa vipande: "internet, nukta, mtn, vyote vimeshikana." Neno hilo la mwisho lina kazi. Kibodi za simu hupenda kuweka nafasi baada ya nukta na kukuza herufi ya kwanza. Herufi kubwa kwa kawaida haidhuru, kwa kuwa majina haya hufuata kanuni ya majina ya mtandao isiyotofautisha kubwa na ndogo. Nafasi ndiyo inayoharibu, na haionekani kwa macho. Kwa hiyo fundi hamuulizi mama "umeandika sawa?" Anamwambia: "Nisomee herufi moja moja, na uniambie kama kati ya nukta na m kuna uwazi." Kwa laini ya Airtel ya hapa jina ni fupi zaidi, internet peke yake.

Kisha wanashuka chini hadi MCC na MNC. Mama hagusi kitu, anasoma tu: MCC 635, MNC 10. Fundi anatulia. Namba hizo mbili zimejazwa na simu yenyewe kutoka kwenye laini, kwa hiyo zinathibitisha kwamba kweli wako kwenye laini ya MTN. Zingesomeka 635 na 13, au 635 na 14, angejua wako kwenye Airtel. Namba 13 ilikuwa ya Tigo kabla Airtel haijainunua. Kusoma namba hizi ni salama, na kunampa fundi ambaye haoni skrini uhakika ambao mteja mwenyewe hana.

Kuna mteja ambaye hapo angezibadilisha, labda kwa kufuata maelezo aliyopewa na mtu wa Kampala au Bukavu. Akifanya hivyo tutaona kioja: anabonyeza Save, na jina jipya linatoweka kwenye orodha. Anaingiza tena, linatoweka tena. Anamwambia fundi simu ina virusi. Kinachotokea ni kwamba simu inaonyesha tu majina yanayolingana na laini iliyomo. Ukiandika namba za nchi nyingine, jina linahifadhiwa kweli, lakini halionyeshwi. Mteja akisema "nimehifadhi limepotea", swali la kwanza la fundi liwe: "MCC yako inasomaje?" Simu ikikataa kabisa kuhifadhi, itatoa ujumbe mfupi, kwa mfano kwamba APN haiwezi kuwa tupu au kwamba MCC lazima iwe tarakimu tatu. Ujumbe huo usomwe neno kwa neno, maana unataja kisanduku chenye kosa.

Mama anagusa vitone vitatu juu kulia, anachagua Save. Jina linaonekana kwenye orodha. Wengi hapa hukata simu wakishukuru, na dakika tano baadaye wanapiga tena. Fundi anauliza: "Kando ya jina kuna kiduara. Kimejaa au ni kitupu?" Ni kitupu. Kuhifadhi ni jambo moja na kuchagua ni jingine. Mama anagusa kiduara, kinajaa rangi. Sasa awashe Airplane mode, ahesabu polepole hadi kumi, aizime, angoje maandishi 4G yatokee karibu na mistari ya mtandao, na ndipo afungue ukurasa wowote.

Ukurasa ukikataa, asiseme tu "haifungui". Chrome huandika kwa herufi ndogo chini ya ujumbe wake neno la siri la fundi. Likiwa hili:

```
ERR_INTERNET_DISCONNECTED
```

simu bado haijaunganishwa kabisa, na fundi atarudi kwenye kiduara, kwenye swichi ya Mobile data, na kwenye laini iliyochaguliwa kwa data. Likiwa DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN, njia inaweza kuwa imeshafunguka na shida iko kwenye jina la tovuti aliloandika. Mtu aliyesoma herufi hizo amempunguzia fundi nusu ya kazi.

Sasa nizungumzie neno moja linaloniogopesha kuliko yote: Reset. Kwenye ukurasa wa Access Point Names, vitone vitatu vina Reset to default, na hiyo haina hatari kubwa. Inafuta majina uliyoongeza na kurudisha ya kiwandani. Lakini kwenye Samsung kuna ukurasa mwingine, chini ya General management, wenye mistari inayokaribiana: Reset network settings, na hatua chache chini yake Factory data reset. Wa kwanza unasahaulisha simu Wi-Fi zake na Bluetooth. Wa pili unafuta simu yote: picha, majina ya watu, ujumbe. Fundi mwenye haraka anasema "bonyeza Reset", mteja mwenye haraka anabonyeza Reset ya kwanza anayoiona. Nimesikia habari za watu waliopoteza picha za marehemu wao kwa njia hiyo, kwa tatizo ambalo dawa yake ilikuwa herufi kumi na moja na nukta moja.

Kwa hiyo kwenye mistari yenye neno hilo, mteja asome mstari mzima kabla ya kugusa, fundi aurudie mstari mzima, na mteja aseme "ndiyo" ndipo kidole kiguse. Ukurasa unaofuata ukitaja kufutwa kwa data, rudi nyuma. Hakuna tatizo la APN linalohitaji ukurasa huo.

Kuna pia mahali ambapo sauti haitoshi. Visanduku vikiwa vya kijivu na havishikiki, huenda jina hilo limefungwa na kampuni iliyoliweka, na fundi atakuambia uongeze jipya kwa Add. Kama hata Add haipo, au simu inasema mipangilio hii haipatikani kwa mtumiaji huyu, uko kwenye akaunti ya pili ya simu au simu inasimamiwa na ofisi. Hapo mwachie kazi mwenye simu au watu wa ofisi. Na kama orodha ya MTN haionekani kabisa, laini yenyewe labda haisomeki, na hilo linatakiwa kupelekwa kwenye duka la kampuni ukiwa na kitambulisho.

Na katika kusoma huku kote, kuna vitu ambavyo havisomwi. Hakuna hatua hata moja kati ya nilizozitaja inayohitaji namba ya siri ya MoMo, wala tarakimu za kuthibitisha zinazotumwa kwa ujumbe. Anayejiita fundi akikutoa kwenye Settings akakutaka upige *182#, mazungumzo ya APN yamekwisha hapo, kata simu.

Mama wa Kimironko, intaneti ikisharudi, fundi alimwomba afanye kitu kimoja kabla hajaendelea na wateja wake. Achukue kalamu, nyuma ya kitabu cha madeni, aandike kwa maneno yale yale ya skrini: Samsung, English. Settings, Connections, Mobile networks, Access Point Names, laini ya MTN, Add. APN internet.mtn. MCC 635, MNC 10. Save, kiduara, Airplane mode. Akauliza kama apige na picha. Fundi akamwambia apige, ila atelezeshe kidole apige na ya nusu ya chini, kisha azitume zote mbili kwenye simu ya mwanawe.